Safu moja ina kg na g zimechanganyika, SUM inaniletea 400. Nimekosea wapi?

Bi_Takwimu
Wakuu habari za muda huu. Nina faili la Excel lenye uzito wa vifurushi. Limejazwa na watu kadhaa kwa nyakati tofauti, na kila mtu ameandika anavyojua yeye. Lina mistari mia tatu na kitu, ila hii kumi inatosha kuonyesha hali ilivyo:

```
A2   2.5 kg
A3   750 g
A4   1KG
A5   300g
A6   1.25 Kg
A7   80 g
A8   4 kg
A9   400
A10  1kg 200g
A11  1/2 kg
```

Nikiandika `=SUM(A2:A11)` napata 400. Sio kosa, sio sifuri, ni 400 kamili. Nataka jumla moja tu, iwe kwa kilo au kwa gramu, sijali. Kuandika upya mistari yote siwezi, na waliojaza wengine hawapo tena.

Sele77
Dada hiyo 400 ndiyo A9 yenyewe. Angalia, ni seli pekee isiyo na herufi. Hizo nyingine kwa Excel ni maneno tu, ni sawa na umeandika jina la mtu. SUM ikikuta maneno ndani ya safu inayaruka kimya kimya.

Bi_Takwimu
Duh. Kumbe. Kwa hiyo kama mistari mingi ingekuwa haina kipimo ningepata jumla inayofanana na ukweli na nisingeshtuka?

Sele77
Ndiyo. Ungepata ya nusu nusu na ungeipeleka hivyo hivyo. Njia ya haraka ya kugundua: usipopanga mwenyewe, namba hukaa upande wa kulia wa seli na maneno hukaa kushoto. Faili lako nadhani limeegemea kushoto lote isipokuwa mistari michache.

Bi_Takwimu
Ni kweli, limelala kushoto.

Kijana wa Ofisi
Mbona rahisi. Bonyeza Ctrl+H, tafuta `kg` usiweke kitu badala yake, Replace All. Halafu tafuta `g` nayo ifute. Zinabaki namba tupu, SUM inafanya kazi. Mimi hufanya hivyo kila siku.

Sele77
@Kijana wa Ofisi kwenye safu yenye kipimo kimoja, sawa kabisa. Hapa ukifuta, 2.5 na 750 zinabaki zimekaa pamoja, na hakuna anayejua tena ipi ilikuwa kilo. Jumla itatoka, tena itatoka bila kosa lolote, ila itakuwa ni kilo na gramu zimejumlishwa kama kitu kimoja. Na ukishahifadhi faili na kulifunga, kurudi nyuma hakuna.

Kijana wa Ofisi
Aah sikuona kwamba kuna g ndani. Nilisoma kichwa cha habari haraka.

Fundi Jedwali
Bi_Takwimu, kwanza kabisa usiiguse safu A. Iache ilivyo, ndiyo ushahidi wako wa nini kiliandikwa. Kazi zote tuzifanye pembeni, safu B na C.

Safu B ni ya kusafisha tu. Tunageuza herufi zote ziwe ndogo, na tunaondoa nafasi za ziada mwanzoni na mwishoni:

```
=LOWER(TRIM(SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(160)," ")))
```

Hiyo `UNICHAR(160)` ni nafasi ya aina nyingine, ambayo mara nyingi huja pale mtu anaponakili kutoka ukurasa wa mtandaoni. Kwa macho huwezi kuitofautisha na nafasi ya kawaida, na TRIM peke yake haiiondoi. Ikibaki mwishoni mwa seli, fomula itakayouliza "je, herufi mbili za mwisho ni kg?" itajibiwa hapana, wakati wewe unaiona kg mbele ya macho yako. Watu hupoteza jioni nzima hapo.

Safu C ndiyo inabadilisha kila kitu kuwa gramu:

```
=IF(B2="","",IF(RIGHT(B2,2)="kg",LEFT(B2,LEN(B2)-2)*1000,
 IF(RIGHT(B2,1)="g",LEFT(B2,LEN(B2)-1)*1,NA())))
```

Isome hivi: kama herufi mbili za mwisho ni kg, chukua kilichobaki kushoto uzidishe kwa 1000. Kama siyo, na herufi ya mwisho ni g, chukua kilichobaki kama kilivyo. Kama siyo vyote viwili, piga kelele `#N/A`.

Mpangilio huo usiubadilishe. Neno kg nalo linaishia na g. Ukiuliza g kwanza, kila kilo itaingia kwenye mlango wa gramu, fomula itakata g moja tu, na "2.5 k" haiwezi kuzidishwa na chochote, utapata `#VALUE!`. Hapo angalau utaona. Balaa lipo kwa wanaotumia `SUMIF` yenye nyota, yaani `"*g"`, kujumlisha mistari ya gramu. Ile nyota inazoa na kilo zote na haisemi neno.

Jumla ni `=SUM(C2:C11)`. Igawanye kwa 1000 ukitaka kilo.

Bi_Takwimu
Asante sana mkuu. Nimeweka. Mistari mingi imekubali, ila jumla inaonyesha `#N/A`. A9 ina `#N/A`, A10 ina `#VALUE!`.

Mzee wa Namba
Hizo erori zisikusumbue binti. Zungushia IFERROR, yaani `=IFERROR(fomula yote,0)`, zile zenye matatizo zinakuwa sifuri na jumla inatoka safi.

Bi_Takwimu
Nimefanya hivyo mzee wangu. Jumla imetoka. Ni 46,063,880. Yaani gramu milioni arobaini na sita. Vifurushi vyangu vyote havifiki hata kilo mia nne, na hii ni mistari kumi tu!!

Mzee wa Namba
Hapo sasa hata mimi sijui. Labda kuna mtu kaandika sifuri nyingi.

Sele77
Panga safu C kutoka kubwa kwenda ndogo uone ni mstari upi.

Bi_Takwimu
Ni A11. Ile "1/2 kg". Imekuwa 46,054,000.

Fundi Jedwali
Nilikuwa nasubiri hiyo ijitokeze. Excel ikiambiwa igeuze maandishi "1/2" kuwa namba haioni nusu. Inaona tarehe. Kompyuta yako imepangwa siku kwanza kisha mwezi, kwa hiyo imesoma 1 Februari ya mwaka huu wa 2026. Na tarehe ndani ya Excel ni namba ya kawaida tu, idadi ya siku zilizohesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1900. Tarehe 1 Februari 2026 ni 46,054. Zidisha kwa 1000, umepata tani arobaini na sita kutoka kwenye nusu kilo.

Tena ona jambo hili. Mwenye kompyuta iliyopangwa mwezi kwanza angesomewa 2 Januari, angepata 46,024,000. Faili hilo hilo, fomula ile ile, jumla mbili tofauti. Na mwakani itaongezeka yenyewe bila mtu kugusa kitu.

Mzee wa Namba, kwa heshima zote, IFERROR ndiyo iliyotuficha. Haikuigusa A11, kwa sababu A11 haikuwa na kosa lolote machoni pa Excel. Ilichofanya ni kuzifuta A9 na A10 zisionekane, yaani kilo 1.2 pamoja na hiyo 400 isiyojulikana zimetoka kwenye hesabu na hakuna alama yoyote. Mimi naiona `#N/A` kwenye jumla kama mlinzi. Jumla isitoke mpaka kila mstari ueleweke.

Ongeza ulinzi wa mkwaju, safu C iwe hivi:

```
=IF(B2="","",IF(ISNUMBER(FIND("/",B2)),NA(),
 IF(RIGHT(B2,2)="kg",LEFT(B2,LEN(B2)-2)*1000,
 IF(RIGHT(B2,1)="g",LEFT(B2,LEN(B2)-1)*1,NA()))))
```

Na pembeni weka seli moja ya kuhesabu mistari ambayo haijaeleweka:

```
=COUNTA(A2:A11)-COUNT(C2:C11)
```

COUNTA inahesabu seli zote zilizoandikwa kitu, COUNT inahesabu namba tu. Kwa kumi zako utapata 3. Hiyo 3 ikishuka mpaka 0 ndipo uamini jumla.

Mzee wa Namba
Sawa fundi, nimekuelewa. Ila bosi akitaka jumla saa hii hii huwezi kumpa `#N/A`.

Fundi Jedwali
Kweli mzee. Basi mpe jumla ya iliyoeleweka na idadi ya isiyoeleweka pamoja. `=AGGREGATE(9,6,C2:C11)` inajumlisha ikiruka makosa, kwa mistari hii inatoa 9,880. Ukisema "gramu 9,880, na mistari 3 bado", hujamdanganya mtu.

Neema_K
Samahani naingilia. Mimi ya kwangu ni lita na mililita, `l` na `ml`. Nibadilishe tu kg iwe ml?

Sele77
Usibadilishe tu. Kwako kimegeuka: kile kirefu, ml, ndicho kidogo. Bado uulize herufi mbili kwanza, maana ml inaishia na l, ila ml ndiyo inabaki kama ilivyo na l ndiyo inazidishwa kwa 1000. Ukinakili fomula ya dada bila kufikiri, mililita 500 zitakuwa lita 500.

Neema_K
Na nikiwa na safu yenye lita na kilo humo humo, naweza kupata jumla moja?

Sele77
Hapana. Mpaka ujue lita moja ya kila kitu hicho ina uzito gani, na hiyo haimo kwenye safu.

Neema_K
Sawa 🙏 basi nazitenganisha.

Nyuki Mchapakazi
Kuna ujanja mmoja mzuri ambao sijaona mtu akiutaja. Badala ya IF ndefu hivyo, igeuze seli yenyewe iwe hesabu. Kila "kg" iwe `*1000+`, kila "g" iliyobaki iwe `+`, mwishoni bandika 0, mwanzoni bandika alama ya sawasawa:

```
="="&SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(B2,"kg","*1000+"),"g","+")&"0"
```

"2.5 kg" inakuwa `=2.5 *1000+0`. "1kg 200g" inakuwa `=1*1000+ 200+0`, yaani 1200, imemaliza ile ya mchanganyiko bila shida. Na "1/2 kg" inakuwa `=1/2 *1000+0`, 500! Hakuna cha tarehe, maana sasa ni kugawanya kweli.

Ukishapata safu hiyo unainakili, unaibandika kama thamani tupu (Paste Special > Values), halafu Ctrl+H unabadilisha `=` kwa `=`. Inaonekana kama mchezo lakini ndiyo inayoilazimisha Excel izisome kama fomula.

Bi_Takwimu
Wee! Imekubali yote, hata A10 na A11. Jumla 15,580. Hakuna erori hata moja.

Sele77
Subiri kwanza. Mimi nikijumlisha kwa mkono: 2500, 750, 1000, 300, 1250, 80, 4000, ni 9,880. Ongeza 1200 ya A10 na 500 ya A11, ni 11,580. Hiyo 15,580 imezidi kwa 4,000. Hata kama 400 ingekuwa gramu ungetakiwa upate 11,980.

Fundi Jedwali
Sele umeona vizuri. Tazameni A9 imekuwa nini kwenye safu ya Nyuki. Seli ni "400", haina kg wala g, kwa hiyo hakuna alama ya kujumlisha iliyowekwa. Kisha "0" imebandikwa mwishoni. Imekuwa `=4000`. Sifuri imegandana na namba.

Ujanja wenyewe ni mzuri, hasa kwa "1kg 200g". Ila unahitaji mlango wa kuzuia visivyo na kipimo:

```
=IF(RIGHT(B2,1)="g",
 "="&SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(B2,"kg","*1000+"),"g","+")&"0","HAINA")
```

Kitu kingine, ukiutumia usiwe na haraka ya kufuta nafasi zote za katikati, kama wengi wanavyopenda kufanya kwenye hatua ya kusafisha. Mtu akiandika "1 1/2 kg" ukafuta nafasi, umepata "11/2 kg". Kwa njia ya Nyuki hiyo ni kumi na moja gawanya kwa mbili, kilo tano na nusu. Kwa fomula yangu bila ulinzi wa mkwaju ni tarehe. Zote mbili ni namba safi kabisa zisizo na kosa. Ndiyo maana kwenye safu B nimetumia TRIM, inayoacha nafasi moja ya katikati ibaki.

Nyuki Mchapakazi
Hiyo ya 400 kuwa 4000 imenipita. Mimi data zangu huwa zina kipimo zote. Nafasi ikibaki, "1 1/2" kwenye njia yangu Excel inaikataa, na hiyo naona ni sawa, unairekebisha kwa mkono.

Kijana wa Ofisi
Kwani tatizo la hiyo A9 ni nini? Namba isiyo na kipimo, kama ni chini ya 20 ni kilo, ikizidi ni gramu. Weka IF moja imeisha. Nani ataandika kilo 400 ya kifurushi?

Sele77
Na 15 je? Gramu 15 ipo. Kifurushi kidogo tu.

Kijana wa Ofisi
Kwenye faili lake ndogo kabisa ni 80.

Sele77
Kwenye mistari kumi aliyoweka hapa. Mia tatu hujaiona.

Bi_Takwimu
Kuna za gramu 12 na 18, zipo.

Mzee wa Namba
Lakini Kijana hajakosea moja kwa moja. Mwenye kuyajua mazingira ya kazi yake anaweza kuweka mpaka. Sisi zamani kwenye daftari tulikuwa tunajua tu, ukiona 400 ni gramu, hakuna aliyeuliza.

Fundi Jedwali
Mzee, daftarini alikuwa anasoma mtu mwenye akili yake, kila mstari anaupima. Fomula ikiwekewa mpaka wa 20 itaufuata hata siku kifurushi cha kilo 25 kitakapoingia bila kipimo, na itakiandika gramu 25. Mimi siwezi kumshauri hivyo. Kama lazima akisie, basi akisie kwenye safu yake yenyewe, iitwe "makisio", ili mtu akilifungua faili aone kipi kiliandikwa na kipi kilidhaniwa. Asiifiche ndani ya IF.

Kijana wa Ofisi
Bado naona tunazidisha. Lakini haya.

Mwl. Hesabu Mpya
Naomba kuuliza, mbona kwangu hata "2.5 kg" inaleta `#VALUE!` kwenye safu C? Fomula nimenakili sawasawa.

Fundi Jedwali
Kompyuta yako imepangwa kutumia mkato kama alama ya desimali, sio nukta?

Mwl. Hesabu Mpya
Ndiyo, nikiandika nukta kwenye seli hainichukulii kama namba.

Fundi Jedwali
Basi badala ya kuzidisha maandishi moja kwa moja, mwambie Excel wazi alama ni ipi: `NUMBERVALUE(LEFT(B2,LEN(B2)-2),".",",")*1000`. Ya kwanza ndani ya nukuu ni desimali, ya pili ni kitenganishi cha maelfu. Kumbuka tu kwamba mpangilio huo kwenye fomula zako mwenyewe hutenganisha vipande kwa nukta mkato `;` badala ya mkato.

Na Bi_Takwimu, kwa kuwa umesema waliojaza ni wengi, tafuta kama kuna waliotumia mkato. "1,500 kg" kwa mmoja ni kilo moja na nusu, kwa mwingine ni kilo elfu moja mia tano, na kompyuta yako yenye nukta itasoma hiyo ya pili bila kusita.

Bi_Takwimu
Nimechuja. Mikato ipo sita, zote za mtu mmoja na zote za kilo, na vifurushi vyangu havifiki kilo elfu, kwa hiyo inajulikana alimaanisha desimali. Nimezibadilisha kwenye safu B kwa mkono na kuzipaka rangi.

Hali ilivyo sasa kwenye faili zima: seli ya COUNTA kutoa COUNT ilianza na 41. Za "kg na g" ndani ya seli moja zilikuwa 17, nimetumia ile ya Nyuki yenye mlango. Mikwaju 10, nimeandika kwa mkono. Zimebaki 14 hazina kipimo kabisa.

Fundi Jedwali
Kazi nzuri. Kwa zile za mchanganyiko, kama hutaki mchezo wa kubandika na Ctrl+H kila mara, hii inakaa moja kwa moja kwenye C kwa mistari hiyo pekee:

```
=LEFT(B10,FIND("kg",B10)-1)*1000
 +SUBSTITUTE(MID(B10,FIND("kg",B10)+2,20),"g","")*1
```

Inagawa seli pale "kg" ilipo, kushoto ni kilo, kulia ni gramu.

Bi_Takwimu
Na kuanzia sasa nizuieje haya? Faili linaendelea kujazwa wiki ijayo.

Sele77
Safu mbili. Moja kiasi, namba tupu. Nyingine kipimo, ya kuchagua kutoka orodha (Data > Data Validation > List, andika `kg,g`). Mtu hawezi kuandika "Kgs" wala kuacha alivyozoea. Tuseme kiasi kipo A na kipimo kipo B, jumla ya gramu inakuwa mstari mmoja:

```
=SUMIF(B2:B400,"kg",A2:A400)*1000+SUMIF(B2:B400,"g",A2:A400)
```

Hapa "g" bila nyota inamaanisha g peke yake, haizoi kg.

Nyuki Mchapakazi
Au safu ya tatu yenye `=CONVERT(A2,B2,"g")`. Excel inajua kg, g, mg na vingine vingi. Ila inajali herufi: "kg" inakubali, "KG" inarudisha `#N/A`.

Fundi Jedwali
Mimi ningeenda hatua moja zaidi: safu moja tu, kila kitu kiandikwe kwa gramu, na kipimo kiwe ni mavazi ya seli. Chagua safu, Ctrl+1, Custom, andika:

```
[>=1000]0.000," kg";0" g"
```

Mtu akiandika 2500 anaona 2.500 kg. Akiandika 750 anaona 750 g. Ndani ya seli ni 2500 na 750, kwa hiyo SUM ya kawaida inafanya kazi na jumla nayo ukiivalisha hivyo hivyo inajionyesha yenyewe kwa kilo. Huo mkato baada ya sifuri ndio unaogawa kwa elfu wakati wa kuonyesha.

Sele77
Hiyo ni nzuri kwako wewe fundi. Kwa mtu anayejaza akiwa na mzani unaosema 2.5, ataandika 2.5, na seli itamwonyesha "3 g". Hataelewa.

Fundi Jedwali
Hoja hiyo naipokea. Unaweza kuweka ulinzi kwamba ikubali namba nzima tu, 2.5 ikataliwe hapo hapo. Lakini 2 ya kilo mbili itapita.

Sele77
Ndiyo maana mimi nabaki na safu mbili. Tofauti yetu ni kwamba kwako anayejaza ndiye anayebadilisha kichwani, kwangu anaandika anachokiona kwenye mzani.

Mzee wa Namba
Nakubaliana na Sele. Mtu asome mzani aandike, basi.

Fundi Jedwali
Kama mizani yote ni ya gramu, yangu. Kama imechanganyika, ya Sele.

Bi_Takwimu
Yetu imechanganyika. Nachukua ya safu mbili. Kwa zile 14 nimempata mmoja wa waliojaza, amesema tisa ni zake na zote ni gramu, kwa sababu mzani wake haukuwa na kilo. Tano zilizobaki hakuna anayezijua. Zimeandikwa 3, 3, 18, 250 na 400.

Kijana wa Ofisi
3 ni kilo hiyo jamani!

Sele77
Na 18?

Kijana wa Ofisi
...hiyo 18 muulizeni mwenyewe.

Bi_Takwimu
Nimeziweka kwenye safu ya makisio, jumla mbili: pamoja nazo na bila nazo. Bosi achague. Swali jingine dogo: kwenye faili jingine nina seli nane zimeandikwa kinyume, "kilo 2", "kilo 3 na nusu", "gramu 600". Kwa sasa nazibadilisha kwa mkono, ila kuna fomula ya hiyo "na nusu"?

Nyuki Mchapakazi
"gramu 600" na "kilo 2" ni rahisi, ukiangalia kushoto badala ya kulia: `IF(LEFT(B2,4)="kilo",MID(B2,5,20)*1000,...`. "Na nusu" unaweza kubadilisha `" na nusu"` kwa `".5"` kabla ya yote, na `" na robo"` kwa `".25"`.

Sele77
Ikishakuwa "kilo 2.5 na nusu" utafanyaje 😂

Bi_Takwimu
Haipo. Ila ipo moja "nusu kilo na gramu 50".

Nyuki Mchapakazi
Hiyo andika 550 kwa mkono dada.